Sura ya 4: Vidukari, Sabuni na Kipande Kisichoguswa

Mwalimu wa Kilimo akiwataka wanafunzi wake walete mapendekezo ya mradi kuhusu wadudu wa bustani, anaweza kubashiri yatakayokuja: majivu, pilipili kichaa, vitunguu saumu, mkojo wa ng'ombe, mwarobaini, sabuni. Yote ni mambo ya bei nafuu, na mengi yana msingi. Tatizo linakuja kwenye ripoti. Ripoti nyingi za aina hii zina sentensi moja ya matokeo: tulipulizia, na baada ya siku chache wadudu walipungua.

Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isituambie lolote kuhusu dawa. Wadudu hupungua kwa sababu mvua imenyesha. Hupungua kwa sababu adui zao wamefika. Hupungua pia kwa sababu maji ya kupulizia, yenyewe bila kitu chochote ndani yake, yamewaangusha chini. Mwanafunzi asiyetenganisha sababu hizi anaipa sifa dawa yake kwa kazi iliyofanywa na wingu.

Kwa hiyo sura hii haitapitia dawa kumi. Itachukua mradi mmoja ambao gharama yake ni mche wa sabuni na pakiti ya mbegu, na kuufuata kuanzia kitaluni hadi kwenye hesabu ya mwisho. Swali la mradi ni hili: kwenye sukuma wiki iliyoshambuliwa na vidukari, je, maji ya sabuni yanafanya kazi kuliko maji matupu, na kwa kiasi gani?

Tuiweke bustani yetu mahali panapojulikana, kwenye shule ya sekondari ya kata katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, ambako kabichi na sukuma wiki ni mazao ya kila siku na mboga husafirishwa hadi Dar es Salaam. Msomaji wa Kisii, Mbeya au Bukoba atabadilisha miezi kulingana na mvua za kwao. Mengine yote yatabaki vilevile.

Tuanze na mdudu mwenyewe, maana mpango mzima unategemea tabia zake. Kidukari wa kabichi, ambaye wakulima wengi humjumuisha na wengine kwa jina la wadudu mafuta, ana rangi ya kijani iliyofifia, lakini anaonekana wa kijivu kwa sababu mwili wake umefunikwa na unga mweupe wa nta. Anakaa kwa makundi mazito kwenye majani machanga ya katikati na upande wa chini wa majani, anatoboa ngozi ya jani kwa mdomo wake mwembamba na kunyonya utomvu. Jani hujikunja na kugeuka manjano, na mche mchanga hudumaa. Baya zaidi, anaweza kuhamisha magonjwa ya virusi kutoka mche mmoja hadi mwingine.

Mambo mawili katika maisha yake yanatuhusu moja kwa moja. La kwanza ni ile nta. Tone la maji likimwangukia hukusanyika na kuteleza bila kumlowesha. La pili ni uzazi. Katika nchi zetu za joto jike huzaa bila kupandwa na dume, na hatagi mayai bali huzaa watoto wakiwa hai. Mtoto huyo naye huwa tayari kuzaa baada ya wiki moja hadi siku kumi hivi, ikiwa kuna joto la kutosha. Ndiyo maana jani lililokuwa na vidukari watano Jumatatu hii linaweza kuwa limejaa baada ya wiki mbili, na ndiyo maana dawa inayoacha wachache hai huonekana kama haikufanya kitu baada ya muda mfupi.

Mvua kubwa huwaosha na kuwaua wengi. Kwa sababu hiyo mradi wa vidukari ni mradi wa kiangazi. Katika Usambara, shule ikifunguliwa Julai, mbegu ziwe kitaluni kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Miche itakuwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne hadi sita, na upuliziaji utaangukia Septemba, kabla ya mvua za vuli. Shule inayoanza kitalu mwishoni mwa Agosti itajikuta inahesabu vidukari katikati ya mvua, na huo si wakati wa kuuliza swali hili.

Sasa mpangilio wa shamba. Tunahitaji vipande 12 vya ardhi, kila kimoja mita 2 kwa mita 2, na njia ya mita moja kati ya kipande na kipande ili matone yasivuke. Katika kila kipande panda miche 16, mistari minne ya miche minne, kwa nafasi ya nusu mita. Samadi iwe kiasi kilekile kwa kila kipande, ipimwe kwa ndoo moja ileile, kwa sababu vidukari hustawi zaidi kwenye majani laini yaliyonona. Kipande chenye samadi mara mbili kitakuwa na vidukari wengi hata kama dawa ni nzuri.

Vipande hivi 12 vimegawanywa katika makundi manne ya vipande vitatu vitatu. Kundi moja liko karibu na ua, la pili linafuata, na kuendelea hadi la nne lililo upande wa mbali. Ndani ya kila kundi, kipande kimoja hakiguswi kabisa, kimoja kinapuliziwa maji matupu, na kimoja kinapuliziwa maji ya sabuni. Kipi kiwe kipi kisiamuliwe na mwanafunzi wala mwalimu. Andika vikaratasi vitatu, vikunje, viweke kwenye kopo na mtu avute, kisha rudia kwa kundi linalofuata. Wanafunzi huwa wanaona jambo hili ni mchezo, lakini bila kopo lile mkono wa mtu huipeleka sabuni kwenye kipande chenye miche mizuri bila yeye mwenyewe kujua.

Sababu ya kuwa na makundi ni kwamba bustani haifanani pande zote. Vidukari wenye mabawa huingia wakitokea upande fulani, mara nyingi kwenye magugu ya uani au shamba la jirani, na sehemu ya bondeni huwa na unyevu kuliko ya juu. Tukilinganisha vipande vya kundi moja, tunalinganisha vipande vilivyo katika mazingira yanayokaribiana.

Na kwa nini vipande vya aina mbili visivyo na dawa, yaani kisichoguswa na cha maji? Kwa sababu vinajibu maswali tofauti. Kisichoguswa kinatuambia vidukari wangefanya nini bila sisi, kama wangeongezeka, wangebaki palepale au wangepungua wenyewe. Cha maji kinatuambia nguvu ya maji peke yake. Ukikosa cha kwanza, mvua inakudanganya. Ukikosa cha pili, unaweza kununua sabuni mwaka mzima kwa kazi ambayo maji ya bombani yangeifanya bure. Miradi mingi niliyoisoma ina kipande kisichoguswa, michache sana ina cha maji, na hilo ndilo pengo linalofanya miradi ya dawa za asili isiaminike.

Subiri mpaka vidukari waingie wenyewe. Usiwabebe kutoka shamba jingine, kwa sababu utaleta na magonjwa. Ukiona wastani wa vidukari ishirini au zaidi kwa jani, muda umefika. Chini ya hapo hakutakuwa na kitu cha kutosha kuhesabu.

Sabuni inayotakiwa ni ya mche, isiyo na manukato wala rangi nyingi. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, kwani ina kemikali nyingine zinazounguza majani. Kipimo cha kuanzia ni gramu 10 kwa lita moja ya maji. Kama maabara ya shule ina mizani, pima. Kama haina, kipande chenye ukubwa wa kiberiti kina gramu 20 hivi, na hicho kinatosha lita mbili. Vipande vinne vya shamba vitakavyopuliziwa sabuni vitahitaji lita moja kila kimoja, jumla lita nne, kwa hiyo vipande viwili vya sabuni vya ukubwa wa kiberiti. Kata sabuni nyembamba kwa kisu au ikwaruze, iyeyushe kwenye maji kidogo ya moto, kisha ongeza maji baridi hadi zifike lita nne. Subiri yapoe kabisa kabla ya kupulizia.

Maji yawe laini. Sehemu nyingi maji ya kisima yana chumvi za kalisi na magnesi, na sabuni ikikutana nazo hugeuka utando mweupe unaoelea, povu halitoki, na nguvu yake inaishia humo. Mwanafunzi wa Kemia anaweza kulipima hili kabla ya mradi kwa kutikisa kipande kidogo cha sabuni kwenye chupa ya maji ya kisima na kingine cha ukubwa uleule kwenye chupa ya maji ya mvua. Tofauti ya povu inaonekana mara moja. Tumia maji yanayotoa povu, na utumie hayohayo kwenye vipande vya maji matupu.

Kabla ya kugusa shamba, pulizia mche mmoja ulio nje ya vipande vyote na usubiri siku mbili. Kingo za majani zikigeuka manjano au kahawia, sabuni hiyo ni kali kwa mboga zako. Ipunguze iwe gramu 5 kwa lita na ujaribu tena. Hatua hii inarukwa mara nyingi kuliko nyingine zote, na ikirukwa inaweza kuharibu shamba zima kwa jioni moja.

Bomba la kupulizia si lazima. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, kizibo chake kikitobolewa matundu sita au nane kwa sindano iliyopashwa moto, inatosha. Kamwe isiwe chupa iliyowahi kuwa na dawa ya mashambani. Shule iwe na chupa mbili zenye matundu sawa, moja ya maji na moja ya sabuni, na mtu mmoja azitumie zote mbili, kwa kuwa nguvu ya mkono ni sehemu ya tiba. Mwanafunzi mwenye misuli akishika chupa ya sabuni na mwenzake mdogo akashika ya maji, utakuwa umepima misuli.

Pulizia jioni, jua likishapungua. Sabuni huua tu ikiwa bado ni majimaji. Huilowesha ile nta, ambayo maji matupu hayaiwezi, huharibu ngozi laini ya mdudu na kuziba matundu anayopumulia. Ikikauka, imekwisha. Mdudu atakayetua juu ya jani kesho asubuhi hatadhurika hata kidogo. Kwa hiyo kila jani ligeuzwe na upande wa chini ulowe, na moyo wa mche, pale majani machanga yanapofungana, ulowe hadi ndani. Jani lililopuliziwa juu tu halijapuliziwa.

Kuhesabu ndiyo kazi ngumu, na hapo ndipo mradi unapata thamani. Katika kila kipande chukua miche minne ya katikati tu, kwa sababu ya pembeni huguswa na matone na wadudu wa majirani. Kwa kila mche hesabu majani matatu: moja changa, moja la katikati na moja la chini. Hayo ni majani 12 kwa kipande, na majani 144 kwa shamba lote. Jani lisichumwe. Ligeuze taratibu na uhesabu hapohapo, asubuhi, vidukari wakiwa wametulia. Jani likiwa na mamia, hesabu upande mmoja wa mshipa mkuu na uzidishe kwa mbili, lakini andika daftarini kwamba ulifanya hivyo.

Fanyeni kazi wawili wawili, mmoja anahesabu na mwenzake anaandika. Kila jozi ipewe kundi zima la vipande vitatu, isipewe aina moja ya tiba. Watu hawahesabu sawa, na jozi yenye macho makali ikipewa vipande vyote vya sabuni itaifanya sabuni ionekane dhaifu. Afadhali zaidi, kila kipande kiwe na kijiti chenye namba tu, na anayehesabu asijue namba hiyo ni ya nini. Mwalimu abaki na karatasi ya siri.

Hesabu asubuhi ya siku ya kupulizia, kisha siku ya kwanza, ya tatu na ya saba baada yake. Siku ya kwanza ina mtego wake. Vidukari waliouawa na sabuni hubaki wameng'ang'ania jani kwa muda, na mwanafunzi huwahesabu kama wazima. Gusa kwa ncha ya unyasi mwembamba. Mzima atasogeza miguu, aliyekufa atakuwa amebadilika rangi na kusinyaa. Mtego mwingine ni ngozi nyeupe ambazo vidukari huzivua wanapokua. Zimelala jani zima kama vivuli vyao, na hazina uhai. Hizo haziingii kwenye hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone namba zinavyosomwa. Kabla ya kupulizia, wastani wa vidukari kwa jani ulikuwa 40 kwenye vipande visivyoguswa, 44 kwenye vya maji na 50 kwenye vya sabuni. Siku ya tatu visivyoguswa vina 52, vya maji vina 33, na vya sabuni vina 13.

Mwanafunzi wa haraka atasema sabuni imepunguza vidukari kutoka 50 hadi 13, yaani asilimia 74, na kufunga daftari. Lakini tazama vipande visivyoguswa. Pale vidukari waliongezeka kutoka 40 hadi 52, yaani mara 1.3. Kama tusingepulizia, vipande vya sabuni navyo vingekuwa na 50 mara 1.3, sawa na 65. Tumekuta 13. Upungufu wa kweli ni 52 kati ya 65, asilimia 80. Sabuni ilifanya kazi zaidi ya ilivyoonekana.

Fanya vivyo hivyo kwa maji. Bila sisi vingekuwa na 44 mara 1.3, karibu 57. Tumekuta 33. Maji matupu yamepunguza vidukari kwa asilimia 42 hivi. Hiyo si namba ya kupuuza, na ndiyo habari ambayo mkulima asiye na hela ya sabuni anaihitaji. Wataalamu wa wadudu wanaifahamu hesabu hii kwa majina ya Henderson na Tilton, walioichapisha mwaka 1955. Haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

Sasa badilisha jambo moja tu. Tuseme usiku wa pili ilinyesha mvua kubwa, na siku ya tatu visivyoguswa vimeshuka kutoka 40 hadi 10, na vya sabuni kutoka 50 hadi 10. Kwa macho, sabuni imepunguza asilimia 80. Kwa hesabu, bila sabuni wangebaki 50 mara robo, yaani 12.5, na tumekuta 10. Sabuni imechangia asilimia 20 tu, na mvua imefanya kazi iliyobaki. Namba ya asilimia 80 imejitokeza mara mbili katika mifano hii. Mara ya kwanza ilikuwa ya sabuni, mara ya pili ilikuwa ya mvua, na kilichotuwezesha kuzitofautisha ni vipande visivyoguswa.

Wastani pekee hautoshi. Rudi kwenye mfano wa kwanza na uangalie vipande kimoja kimoja. Tuseme vya sabuni vilikuwa na 8, 11, 12 na 21, vya maji 24, 30, 35 na 43, na visivyoguswa 41, 48, 55 na 64. Kipande cha sabuni chenye 21 kinakaribia kipande cha maji chenye 24, na mtu anaweza kutilia shaka kama kweli kuna tofauti. Lakini ukifungua ramani unaona kipande chenye 21 kiko kwenye kundi la uani, ambako cha maji kina 43 na kisichoguswa kina 64. Katika kila kundi, bila kukosa hata moja, sabuni iko chini ya maji na maji yako chini ya kisichoguswa. Mpangilio huo unaojirudia mara nne ndio ushahidi. Ingekuwa katika makundi mawili sabuni inashinda na katika mawili maji yanashinda, ripoti ya kweli ingesema hatukuona tofauti.

Hesabu ya siku ya saba huwa inawavunja moyo wanafunzi, kwa sababu vidukari huwa wameanza kurudi kwenye vipande vya sabuni. Haimaanishi mradi umeshindwa. Sabuni haibaki kwenye jani, na wale wachache waliojificha kwenye moyo wa mche wanazaa. Hapo mwanafunzi amejifunza kwamba anayetumia sabuni hurudia baada ya siku tano hadi saba, na anaweza kukadiria gharama ya msimu mzima: lita ngapi, miche mingapi ya sabuni, saa ngapi za kazi.

Kuna jambo jingine la kuhesabu siku hizohizo, nalo halina gharama yoyote. Katikati ya vidukari utaona baadhi waliovimba, wa rangi ya kahawia ya dhahabu, ngozi kavu kama karatasi, hawasogei. Hao wameuawa na nyigu mdogo sana. Nyigu huyo hutaga yai moja ndani ya kidukari, funza wake hula kutoka ndani, na akikomaa hutoboa tundu la mviringo na kuruka. Chuma jani lenye vidukari wa aina hiyo kutoka mche wa nje ya vipande, liweke kwenye chupa ya kioo, funga mdomo kwa kitambaa cha kanga na uweke kivulini. Siku chache baadaye nyigu wadogo weusi watakuwa wanatembea kwenye kioo. Ni mradi kamili wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na sijaona darasa lililouangalia bila kusisimka.

Tafuta pia mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu au wa machungwa wenye madoa meusi, pamoja na watoto wao ambao hawafanani nao hata kidogo: ni warefu, weusi, wenye miguu sita ya haraka, na wanafunzi wengi huwaua wakidhani ni viwavi waharibifu. Wakubwa na watoto wote wanakula vidukari. Sabuni haiwachagui. Ikiwalowesha funza laini wa nzi, ambao nao hula vidukari, itawaua pamoja na vidukari. Kwa hiyo andika idadi ya marafiki hawa kwenye safu yao wenyewe ya daftari, kabla na baada. Ukikuta kwenye vipande visivyoguswa vidukari waliovimba wanaongezeka kila hesabu na wazima wanapungua, umepata tokeo kubwa kuliko la sabuni: bustani yako inajitibu, na ushauri sahihi ni kutopulizia.

Hili si jambo la bustani za shule tu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilileta nyigu kutoka Taiwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kumwachia katika nyanda za juu za Kenya ili amshambulie kiwavi wa nondo wa kabichi. Nyigu huyo aliweka makazi, na uharibifu wa kabichi ukapungua katika maeneo aliyoachiwa.

Shule za tambarare, kuanzia Korogwe hadi pwani yote, zinaweza kutumia mpangilio huuhuu kwa mwarobaini, mti ambao haupendi baridi ya Lushoto lakini kwao umejaa. Yafaa wamlenge kiwavi badala ya kidukari, kwa sababu mwarobaini hufanya kazi vizuri zaidi kwa mdudu anayetafuna jani. Sehemu yenye nguvu ni mbegu kuliko majani. Okota matunda yaliyoiva, menya nyama yake, kausha mbegu kivulini penye upepo, na utupe zote zenye ukungu, maana ukungu huo unaweza kuwa na sumu. Toa kokwa, zitwange, loweka gramu 50 katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa na upulizie jioni inayofuata. Jua huiharibu dawa hii haraka, kwa hiyo haiwekwi akiba. Na haiangushi kiwavi siku hiyohiyo. Kiwavi anaacha kula, anashindwa kujivua ngozi na kukua, kisha anakufa taratibu. Anayehesabu viwavi siku ya kwanza atasema imeshindwa. Ahesabu siku ya tano na ya saba, na zaidi ya hapo apime matundu mapya kwenye majani machanga.

Pendekezo moja ninalikataa waziwazi, na ninawaomba walimu walikatae: maji ya tumbaku. Yanaua vidukari, hilo ni kweli, lakini nikotini hupenya kwenye ngozi ya mtu na inaweza kumlaza mtoto hospitalini, na tumbaku inaweza kupeleka virusi kwenye nyanya na pilipili hoho. Hayana nafasi kwenye bustani ambayo majani yake yanaingia kwenye sufuria ya shule.

Mwanafunzi unayesoma sura hii ukijiandaa kwa maonyesho ya sayansi, weka kwenye bango lako ramani ya vipande 12 na namba za kila kimoja, zikiwemo zisizokupendeza. Ukikuta sabuni haikushinda maji, liandike hivyo kwa herufi kubwa na ueleze ulivyopima. Shule jirani itaokoa hela ya sabuni kwa sababu yako.